Toa chupa mkobani, tia winda

Bado nafunguliwa mikoba ya uzazi ambayo juu kabisa kuna chupa ya maziwa, kopo la unga na poda, na chini yake winda tano mpya zilizokunjwa vizuri. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Maziwa yakichelewa, mtoto atakula nini?" Atakula dang'a. Siku mbili za mwanzo dang'a hutoka kidogo kidogo, vijiko vichache tu, na tumbo la mtoto halihitaji zaidi. Maziwa hujaa baina ya siku ya pili na ya nne, pengine huchelewa kidogo kwa mzazi wa kwanza au aliyepasuliwa. Ukimpa chupa siku hizo, hashibi tu: anaacha kunyonya, na titi lisilonyonywa halitoi maziwa. Hapo ndipo watu husema "nilijua maziwa yatachelewa".

Kwa hiyo cha kuandaa mwanzo ni winda. Ndiyo inayomvisha, na ndiyo inayokuambia kama maziwa yanatosha. Siku ya kwanza utarajie mkojo mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne. Kuanzia siku ya tano ziwe winda sita au zaidi zilizorowa kwa siku. Choo nacho huanza cheusi chenye kunata, kikageuka kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano. Doa jekundu kama vumbi la tofali siku mbili tatu za mwanzo lisikutishe. Likiendelea siku ya tano, au choo bado cheusi, mpeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo atazamwe anavyonyonya.

Pampasi ni rahisi kwa safari, lakini hunywa mkojo wote usiujue. Kama lazima uitumie wiki ya kwanza, mimina maji vijiko vitatu vikubwa kwenye pampasi kavu uishike mkononi. Uzito huo ndio wa pampasi iliyorowa sawasawa.

Sasa idadi. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nane hivi kwa siku, mara nyengine zaidi. Chukua mzazi wa Wete anayejifungua Aprili, masika yamepamba moto na kamba ya nguo haikauki kwa siku mbili. Anahitaji nane za leo, nane zinazoning'inia tangu jana na nane za juzi: winda 24. Wa Januari, jua la kaskazi likiwaka, 16 zinamtosha. Na asinunue. Kipande kimoja cha kanga ukikigawa sehemu tatu kwa urefu na mbili kwa upana unapata winda sita, basi doti mbili ni 24. Iwe kanga kuukuu ya pamba. Mpya ina wanga, na ya poliesta mkojo hupita juu yake. Suuza mpaka povu liishe, kwani sabuni iliyobaki huchoma ngozi. Ikiwa bado na unyevunyevu, ipige pasi. Usimvishe hivyo hivyo.

Winda ikunjwe chini ya kitovu, kipate hewa. Kitovu hakipakwi wanja, majivu, mafuta wala maziwa. Kuhusu jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa kitovuni, hapa nina shaka yangu. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, watoto zaidi ya 36,000, haukuonesha wazi kwamba inapunguza vifo kuliko kukiacha kitovu kisafi na kikavu. Shirika la Afya Duniani sasa huipendekeza pale tu ambapo watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara. Kwa nyumba ambayo bibi ameshaandaa wanja wake, bado sijui kama kusema "usipake kitu" kunatosha, au ni bora mkono wake upewe jeli.

Vyengine vya wiki ya kwanza ni vichache: kanga mbili safi kavu za kumpangusia na kumfunikia akizaliwa, kofia, fulana nne, chandarua tangu usiku wa kwanza. Beseni lisubiri, haogeshwi kabla ya saa 24. Nguo ndogo usizirundike, mwezi wa pili hazimtoshi.

Mbeleko ije arobaini ikikaribia. Ukirudi kazini, nunua kikombe kidogo chenye mdomo mpana na chombo chenye mfuniko cha kukamulia. Kikombe husafishika kwa maji ya moto na sabuni, chuchu ya chupa huficha uchafu. Bakuli na kijiko ni vya akitimiza miezi sita. Poda usinunue kabisa, vumbi lake huingia mapafuni.