Kuchambua fani ya mchoro: dhana potofu na ukweli

Aliyesoma fasihi shuleni anajua kutenganisha fani na maudhui. Katika mchoro nako uchambuzi wa fani huuliza maswali yaleyale: msanii ametumia mbinu gani, na mbinu hizo zinamfanya nini mtazamaji? Hapa tutashika mchoro mmoja tu, "Wawindaji Katika Theluji", alioutengeneza Pieter Bruegel mwaka 1565 kwa rangi za mafuta juu ya ubao. Una upana wa takriban sentimita 162 na kimo cha 117, na umehifadhiwa Vienna, Austria. Utafute kwenye simu yako uwe nao mbele ya macho, maana bila kuutazama maelezo haya hayatakufaa sana.

Dhana: Kuchambua ni kufichua maana iliyojificha.

Dhana hii ndiyo inayowapoteza wanaoanza. Mtu anatazama kwa sekunde chache, kisha anaandika kwamba theluji ni kifo na ndege ni roho. Ukweli ni kwamba uchambuzi wa fani unaanza na vitu ambavyo mtu mwingine akisimama kando yako ataviona pia. Kushoto, mbele kabisa, wanaume watatu wametupa mgongo na kundi la mbwa linawafuata. Mmoja amebeba mkuki begani, na kwenye mkuki huo ananing'inia mbweha mmoja tu. Pembeni watu wamewasha moto nje ya nyumba ya wageni. Chini bondeni kuna madimbwi yaliyoganda na watu wadogo sana wanaocheza juu ya barafu. Mbali kulia kuna milima yenye majabali.

Baada ya hapo ndipo unapouliza: kwa nini wawindaji hawa wanaonekana wamechoka? Ukisema "wamechoka" umetoa hukumu. Toa na ushahidi wake: migongo imeinama, nyuso hazionekani, mbwa wameshusha vichwa, miguu inazama kwenye theluji. Sasa msomaji anaweza kukukubalia au kukupinga kwa kutazama. Kipimo ninachokiamini ni hiki: sentensi yako ikiweza kubandikwa kwenye mchoro mwingine wowote ("rangi zimetumika kwa ustadi mkubwa"), bado hujachambua.

Dhana: Mstari ni ule tu uliochorwa kuzunguka kitu.

Mstari wa kuzunguka umbo ni aina mojawapo. Aina nyingine haijachorwa kabisa, bali jicho lenyewe linaiunganisha. Tazama mashina ya miti yaliyo karibu na wawindaji. Kila shina limesimama wima, jeusi, zito. Lakini yakitazamwa kwa pamoja, mashina hayo yanapungua ukubwa yakielekea kulia na kushuka, na hivyo yanaunda mstari wa mshazari unaoteremka bondeni. Wawindaji wanaelekea hukohuko, na ukingo wa kilima nao unashuka upande huohuo. Kwa hiyo jicho linaingia kushoto na kutelemka kulia bila kuambiwa.

Ili kujua kama mstari unaoudai upo kweli, ziba kitu kimoja kwa kidole. Ziba mashina ya miti kwenye skrini: wawindaji wanabaki, ila ile nguvu ya kukuvuta chini inapungua sana. Kama ungeziba na lisibadilike lolote, ungejua kwamba mstari huo uliubuni mwenyewe.

Dhana: Kila rangi ina maana yake, nyekundu ni hatari na nyeupe ni usafi.

Orodha za namna hiyo hazisaidii, kwa sababu rangi inafanya kazi kwa kukaa jirani na rangi nyingine. Jiulize mambo matatu: ni rangi gani, imekolea kiasi gani, na ni nyeusi au nyeupe kiasi gani ikilinganishwa na jirani yake? Katika mchoro huu rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani imetumika angani, kisha ikarudiwa kwenye madimbwi ya barafu. Anga na ardhi vinafanana, na ndiyo maana baridi inaonekana imeenea kila mahali. Katikati ya ubaridi huo, rangi ya chungwa ya moto ule wa kushoto inakuwa na nguvu kubwa kupita ukubwa wake. Moto huohuo ungewekwa katikati ya rangi nyekundu na njano, usingeonekana kuwa na joto hivyo.

Geuza picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Utaona kwamba wawindaji bado wanajitokeza waziwazi, kwa kuwa ni weusi juu ya theluji nyeupe. Moto, kinyume chake, unapoteza mvuto wake mwingi. Hivyo unaweza kusema kwa uhakika kwamba wawindaji wanabebwa na tofauti ya giza na mwanga, na moto unabebwa na rangi yenyewe.

Tahadhari moja: nakala za mtandaoni hazilingani, nyingine zimekolea kijani kuliko wenzake. Usijenge hoja juu ya tofauti ndogo ya rangi uliyoiona kwenye nakala moja.

Dhana: Kilicho muhimu lazima kikae katikati.

Hapa katikati hakuna mtu mkubwa wala tukio kubwa. Uzito wote umerundikwa kushoto, na upande wa kulia umepewa uwazi, milima, na ndege mmoja aliyekunjua mabawa. Ndege ni mdogo, lakini yuko peke yake na ni mweusi mbele ya uwazi, kwa hiyo anashika jicho na kusaidia kuuweka sawa upande mwepesi.

Dhana: Mchoro usio na kina ni wa mtu asiyejua kuchora.

Kina, yaani hisia kwamba vitu vingine viko mbali ndani ya mchoro, ni uamuzi wa msanii. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, aliweka mnyama mkubwa mbele ya usuli wa rangi bapa, na ubapa huo ndio unaomleta mnyama mbele kabisa ya mtazamaji. Bruegel alitaka kinyume chake. Amewafanya watu wa bondeni wadogo mno, ameziba sehemu ya mandhari kwa miti, na milima ya mbali ameipauza. Zaidi ya hayo, baada ya kilima ardhi inakatika ghafla, na sisi tunatazama kutoka juu kama tuliosimama nyuma ya wawindaji.

Milima hiyo haipo katika nchi tambarare aliyoishi Bruegel. Alikuwa amevuka milima ya Alpi katika safari yake ya Italia. Hiyo ni historia, nayo ina mahali pake. Inaeleza milima ilitoka wapi, ila haielezi inafanya nini ndani ya mchoro.

Dhana: Andika aya ya mstari, ya rangi, ya mpangilio, ya nafasi, umemaliza.

Kutenganisha ni kwa ajili ya daftari lako la kutazamia. Ukiandika, viunganishe kwenye jambo moja, kwa mfano hivi:

"Bruegel anamweka mtazamaji kati ya taabu na furaha. Miili mizito na myeusi ya wawindaji iko karibu nasi, lakini mshazari wa miti na ukingo wa kilima vinatutelemsha hadi kwenye barafu, ambako watu ni wadogo na wepesi. Ardhi iliyokatika baina yao inatuonyesha kwamba wawindaji bado wana safari, na rangi ya anga iliyorudiwa kwenye barafu inatukumbusha kwamba hata wanaocheza wako ndani ya baridi ileile."

Pitia aya hiyo ukiwa na mchoro mkononi, na kwa kila dai weka kidole mahali linapoonekana. Dai lisilo na mahali pa kuwekewa kidole, lifute.