Mwiku wa Wali Wiki ya Mtihani

Usiku napika wali wa nazi sufuria nzima ili asubuhi nisipoteze muda, nisome tu. Sina friji. Nikiuchemsha vizuri kabla ya kula, si basi?

Hapana. Mchele huja na mbegu za bakteria wa jamii ya basilasi, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Sufuria ikipoa polepole usiku kucha kwenye chumba kidogo cha Malindi, mbegu huamka, bakteria wakazaana na kuacha sumu ndani ya wali. Asubuhi moto wako huua bakteria, lakini sumu inayotapisha haiharibiki kwa moto wa jikoni. Inabaki palepale, ila sasa ni ya moto.

Piga hesabu. Wali umeiva saa moja jioni, umeula saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo umelala kwa muda wa saa 11. Sumu hii hutapisha kuanzia nusu saa hadi saa 6 baada ya kula. Mtihani wa saa tatu umo humo humo.

Lakini haukuwa na harufu mbaya. Nimekula mwiku tangu utotoni na sijafa.

Sumu hii haina harufu wala ladha. Wali ulioanza kuteleza na kunuka umechacha waziwazi, huo kila mtu huutupa. Wanaoletwa kliniki wakitapika mara nyingi walikula wali uliokuwa “mzuri tu”. Pua haipimi sumu. Tui huharakisha kuchacha, lakini usidhani wali mweupe umesalimika.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na chumba kikipita nyuzi 32, mwisho ni saa 1. Jirani akiwa na friji, utandaze wali kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye friji kabla ya muda huo. Huna friji? Pima nusu kikombe cha mchele kwa mlo mmoja, upike, ule, uoshe sufuria. Na narudia kwa sababu swali hili halikomi: kuchemsha tena hakuondoi sumu.

Basi nile nini kitakachokaa chumbani, na hela ni za kuhesabu?

Nunua vikavu, halafu pika cha mlo mmoja. Pojo ndiyo rafiki yako mkubwa: nusu kikombe huiva kwa dakika 30 hadi 40, na haihitaji kulowekwa usiku kucha. Kwa joto letu maji ya kulowekea nayo huchacha. Tui litie mwishoni, la mlo huo tu.

Asubuhi koroga vijiko vikubwa 3 vya unga wa wimbi kwenye nusu kikombe cha maji baridi, mimina kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, ukoroge dakika 10. Ongeza yai moja la kuchemsha au konzi ya karanga. Chai ya sukari na mahamri matupu hushibisha kwa muda mfupi. Yai na karanga hukawia tumboni, kwa hiyo njaa haikukatizi katikati ya karatasi.

Mayai mabichi yaweke pasipo jua, usiyaoshe mpaka saa ya kupika. Karanga zikae kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa au iliyo chungu, itupe. Kuikaanga hakuondoi sumu ya ukungu. Viazi vitamu viache kwenye kikapu chenye hewa, si mfuko wa plastiki. Muhogo mbichi ununue wa siku hiyo.

Na muguka wa kukesha?

Huondoa hamu ya kula na kuiba usingizi, vitu viwili unavyovihitaji zaidi wiki hiyo. Acha.

Nikianza kutapika, si ningoje nimalize mtihani kwanza?

Usingoje ukijikaza bila maji. Yeyusha pakiti ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kunywa funda ndogondogo; ukitapika, pumzika dakika 10 uanze tena. Usinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha, kwani haziondoi sumu uliyokwisha kuimeza.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, si kesho, ukiona damu kwenye kinyesi, homa kali, kila funda inarudi, kizunguzungu ukisimama, au umepita saa 8 bila kukojoa. Mjulishe msimamizi wa mtihani mapema na uombe barua ya kituo.