Dripu ya mtoto mchanga: kiasi ni sahihi, saa ndizo zimekosewa

"Mtoto wa miezi 8, kilo 7, anaharisha siku ya pili. Amelegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi baada ya sekunde 3. Kwenye mtihani niliandika Ringa laktati ml 210 kwa dakika 30, kisha ml 490 kwa saa 2 na nusu. Kwa nini nimekosa?"

Upungufu mkali wa maji umeutambua vizuri: dalili mbili zilitosha, na wewe ulikuwa na tatu. Hesabu nayo ni safi, ml 100 kwa kila kilo, jumla ml 700. Kosa ni kudhani kwamba kadiri mtoto anavyozidiwa ndivyo dripu ikimbie. Muda huo wako ni wa aliyetimiza mwaka. Chini ya miezi 12, ml 210 huingia kwa saa 1, na ml 490 kwa saa 5. Ukiharakisha, maji ya ziada yanaweza kuingia mapafuni: pumzi zinaongezeka, kope zinavimba.

Baada ya ile saa ya kwanza shika mpigo wa mkono. Ukiwa bado dhaifu mno, rudia ml 210 kabla ya kuendelea. Akianza kunywa, mpe ORS ml 35 kwa saa huku dripu ikiendelea. Wengi husahau hili, na lina alama zake. Saa 6 zikiisha, mpime upya.

Swali likitaja utapiamlo mkali, usitumie hesabu hii: ngozi yake hudanganya, na moyo hauhimili maji mengi.