Kimstari cha kutoa kilichogandana na mabano: ukaguzi wa matriksi kwenye picha

Sisi wakufunzi wa hesabu hapa Mwanza tunatumiwa sana picha za kazi za wanafunzi. Juzi mama mmoja wa Ukerewe katuma karatasi ya mwanae wa kidato cha nne, imepigwa usiku kwa taa ya sola, mabano madogo na namba zimebanana humo ndani kama dagaa kwenye gunia. Mtoto kapigwa kosa na kila akirudia anapata jibu lilelile. Swali ni kuzidisha matriksi A kwa B, yani AB:

```
A = | 2  -3 |   B = |  5  1 |
    | 1   4 |       | -2  3 |
```

Kwenye A ile juu iliandikwa 2-3 bila nafasi, ukiisoma haraka unasema 2 toa 3, yani -1, ila mstari wa chini una namba mbili, 1 na 4, basi na juu lazima ziwe mbili. Hapo kijana alipatia. Kilichomponza ni -2 ya B, kimstari kimegandana na bano la kushoto, yeye kasoma 2.

Akapata 4, -7, 13, 13. Sasa tukague kwa detaminanti, maana det(AB) lazima iwe sawa na det A × det B. A inatoa 2×4 - (-3)×1, yani 8+3 = 11, B yake 15-2 = 13, ukizidisha 143. Jibu lake: 4×13 - (-7)×13 = 143. Imekubali! Hapa ndo wengi wanaachia, wakati kipimo hiki kinakagua mahesabu tu, macho hakiyakagui, ukisoma vibaya toka mwanzo kinapita vizuri kabisa. Ndo maana tunasisitiza kwanza uinakili upya kwa herufi kubwa, nafasi ya kidole kati ya namba na namba, ndo uanze kuzidisha.

Kwa -2 halisi jibu ni 16, -7, -3, 13. det B ni 17, 11×17 = 187, na 16×13 - 21 = 187.

Kuna kosa lingine linapita hapohapo: kufanya BA badala ya AB. Unapata 11, -11, -1, 18, detaminanti 187 vilevile. Hilo linakamatwa kwa kujumlisha mistari. Mistari ya B inajumlisha 6 na 1, zidisha A kwa hizo: 2×6 - 3×1 = 9, na 1×6 + 4×1 = 10. Mistari ya AB inatakiwa ijumlishe 9 na 10, na kweli 16-7 ni 9, -3+13 ni 10. Ile BA inatoa 0 na 17, imeshaumbuka.

Mama tulimwomba apige tena mchana, karibu na dirisha, simu ikae sawa juu ya karatasi isiinamishwe. Picha ya pili kimstari kilionekana, kimeshika bano kwa ncha tu, na ni kifupi sawasawa na kile cha -3.