Je, wajua? Ada sifuri nayo ina bei, na imeandikwa kwenye skrinshoti

"Kaka yangu yuko Maskati. Kanitumia skrinshoti inayoonyesha ada ni sifuri, lakini nikipiga hesabu kwa kiwango nilichokiona mtandaoni, pesa iliyonifikia hapa Tanga imepungua karibu elfu thelathini. Nani kaichukua?"

Aliyeichukua ni kampuni iliyotuma, na aliichukua pale pale Maskati kabla pesa haijaondoka. Haikukatwa kwenye mstari wa ada. Ilikatwa kwenye mstari wa kiwango cha kubadilishia, ambao wengi wetu huupita haraka tukikimbilia kuona jumla.

Tuiangalie skrinshoti yenyewe. Zinatofautiana kwa sura na rangi, ila mistari inayohitajika kwa kawaida ni hii:

```
Send amount     100.000 OMR
Fee               0.000 OMR
Exchange rate   1 OMR = 6,215 TZS
They receive    621,500 TZS
```

Kwanza, nukta. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. 100.000 hapo ni riali mia moja kamili, si laki moja. Kwenye shilingi, mkato ndio unaotenga maelfu. Alama hizo mbili zinakaa kwenye picha moja zikifanya kazi tofauti, na anayesoma haraka hujikuta na hesabu isiyoingia akilini hata kidogo.

Sasa kiwango. Ukitafuta mtandaoni riali ni shilingi ngapi, jibu unalopewa kwa kawaida ni kiwango cha kati, na hapa ndipo kosa kubwa linapozaliwa. Watu hukichukua kama bei halali, kisha wakaona kila pungufu ni wizi au ni hitilafu ya mtandao. Kiwango cha kati si bei ya mtu yeyote. Ni wastani wa bei mbili, ya kununua na ya kuuza.

Mfikirie mnunuzi wa machungwa anayepanda na fuso hadi Muheza. Shambani ananunua chungwa kwa shilingi 80, mjini analiuza kwa 130. Mkulima akimuuliza, "Ada yako kiasi gani?" atajibu "Hakuna," na atakuwa amesema kweli. Kipato chake kimekaa katikati ya bei mbili. Ukichukua 80 na 130 ukatafuta wastani, unapata 105, lakini hakuna shambani wala sokoni mtu anayelipa 105. Mkulima aliyesikia kwamba "chungwa ni 105" akapiga hesabu ya gunia zima kwa bei hiyo, atajiona kapunjwa hata pale mnunuzi alipomlipa bei ile ile waliyokubaliana.

Kaka yako ndiye mkulima, na riali zake ndizo machungwa. Kampuni inazinunua kwake, kwa hiyo anapewa bei ya kununua, ile ya chini. Jambo hili linaeleza pia kosa jingine la kila siku, la jedwali la benki au la duka la kubadilishia fedha. Jedwali lina safu ya kununua na safu ya kuuza, na anayesubiri pesa hujiambia, "Mimi nauza riali, basi natazama safu ya kuuza." Safu hizo zimeandikwa kwa mdomo wa benki. Benki ndiyo inayonunua, nawe unayepokea shilingi unatazama safu ya kununua. Jedwali likiwa na safu mbili za kununua, moja ya noti na moja iliyoandikwa TT, basi TT ndiyo ya pesa inayoingia kwa akaunti. Noti ni kwa anayekuja kaunta na karatasi mkononi.

Kinachobaki ni kupima pengo. Kwa riali ya Oman kuna njia nyepesi kwa sababu imefungwa kwa dola: tangu mwaka 1986 dola moja ni riali 0.3845, haipandi haishuki. Hivyo huhitaji kutafuta kiwango cha riali popote. Chukua kiwango cha kati cha dola cha Benki Kuu ya Tanzania kwa siku hiyo, kwenye safu iliyoandikwa Mean, ukigawe kwa 0.3845. Aliye na mtu Dubai atagawa kwa 3.6725, aliye na mtu Saudia kwa 3.75, kwani sarafu hizo nazo zimefungwa kwa dola. Kwa pauni ya Uingereza njia hii haifai, maana pauni inaelea na lazima ukisome kiwango chake cha siku.

Tuseme, kwa mfano tu, dola siku hiyo ina kiwango cha kati cha shilingi 2,500. Ukigawa kwa 0.3845 unapata 6,502 kwa riali. Kisha:

```
gharama = (jumla aliyolipa × kiwango cha kati) − kilichopokelewa
        = (100 × 6,502) − 621,500
        = 28,700
```

Hiyo ndiyo karibu elfu thelathini yako. Igawe kwa 650,200 na utapata kama asilimia 4.4. Benki ya Dunia inapopima gharama ya kutuma pesa duniani hufanya hivi hivi: hujumlisha ada na pengo la kiwango, na kipimo chake cha kawaida ni dola 200. Kuna hata lengo la Umoja wa Mataifa kwamba gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwa hiyo 4.4 si ya kushtua, ila "sifuri" hailingani nayo kabisa.

Ona neno "jumla aliyolipa" kwenye fomula. Kampuni nyingine huweka ada juu ya kiasi kinachotumwa, nyingine huikata ndani yake. Ukianzia hesabu yako kwenye kiasi kinachotumwa, utalinganisha vitu visivyolingana. Muulize kaka swali moja tu: "Mfukoni mwako zimetoka riali ngapi?"

Tufanye jirani yake anatumia kampuni ya pili, yenye ada ya riali 2 na kiwango cha 6,430. Wote wawili wana riali 100 mkononi. Kwa kampuni ya pili, riali 2 zinaondoka kwanza, zinabaki 98, nazo zinakuwa shilingi 630,140. Ile yenye ada ndiyo iliyofikisha zaidi, kwa 8,640. Lakini wakituma riali 20 tu, mambo yanageuka: kampuni ya ada sifuri inafikisha 124,300, ya pili inabakiwa na riali 18 zinazotoa 115,740. Ada ya riali 2 ni ile ile uwe unatuma 20 au 500, ilhali pengo la kiwango linakua kila riali inapoongezeka. Kwa viwango hivi, mizani inakaa sawa karibu na riali 60. Chini ya hapo ada sifuri ni nafuu kweli, juu ya hapo inakula zaidi. Jambo hili linanivutia sana kwa sababu tangazo ni lile lile, maneno ni yale yale, na linakuwa kweli au si kweli kwa kutegemea ni kiasi gani umeshika.

Hesabu hii ina mipaka. Pengo la 28,700 si faida tupu. Kati ya riali na shilingi, njia ya kawaida hupita kwenye dola, kwa hiyo kampuni nayo inanunua dola, inanunua shilingi, inamlipa mshirika wake wa huku, na kila hatua ina bei. Skrinshoti haiwezi kukuonyesha kipi ni gharama yao na kipi ni faida. Inaonyesha tu kilichokugharimu wewe. Pia lazima viwango viwe vya wakati mmoja. Kiwango cha Benki Kuu cha Ijumaa ukikilinganisha na skrinshoti ya Jumanne, unaweza kuona "ada" ambayo kumbe ni shilingi iliyosogea tu, na ndiyo sababu ni vizuri skrinshoti iwe na tarehe na saa. Ukikuta neno kama Estimated au Indicative karibu na kiwango, ujue hicho bado ni makadirio, na cha mwisho kitakuwa kwenye risiti baada ya kulipa.

Tazama pia sarafu iliyoandikwa kwenye mstari wa mwisho. Hapa ni TZS, kwa hiyo kazi ya kubadilisha imeisha Maskati. Ingekuwa USD, maana yake dola ndizo zinazosafiri, na benki yako ya Tanga itazibadilisha kwa kiwango chake cha kununua, mara ya pili. Kwa uhamisho wa benki wa aina hiyo tafuta herufi tatu: OUR ni kwamba mtumaji analipa makato yote ya njiani, SHA mnagawana, BEN yanakuangukia wewe. Kwa SHA na BEN kiasi kinachofika kinaweza kuwa pungufu ya kilichoandikwa, na hapo pungufu halina uhusiano na kiwango.

Mwisho, weka namba tatu pembeni mwa nyingine: ya skrinshoti, ya meseji iliyoingia kwenye simu yako, na ya noti alizokuhesabia wakala pale Ngamiani. Skrinshoti na meseji zikilingana, 621,500 kwa 621,500, basi upungufu wote ulioulizia uko kwenye kiwango, na hakuna wa kumlalamikia huku. Meseji na noti zikitofautiana, hayo ni makato ya kutoa pesa, ambayo ni ya mtandao wa simu wa hapa nchini na kwa kawaida hayaonekani kwenye skrinshoti ya Maskati. Lakini skrinshoti yenye TZS ikisema 621,500 na meseji ikasema kidogo kuliko hapo, hiyo ni kesi. Mwombe kaka risiti ya mwisho yenye namba ya muamala, aende nayo pale alipolipia, kwa kuwa madai hufunguliwa na mtumaji.