Muda kati ya dozi si nusu-maisha ya dawa

Kwa mara nyingine nimesahihisha karatasi ya mazoezi ya famakolojia ambayo mwanafunzi ameandika kwamba antibiotiki ya gentamisini, kwa kuwa nusu-maisha yake ni saa 2.5, itolewe kila baada ya saa 2.5. Muuguzi angerudi kitandani karibu mara kumi kwa siku, na figo za mgonjwa zisingepata hata nafasi ya kulalamika.

Nusu-maisha ni muda ambao ukolezi wa dawa kwenye damu hupungua kwa nusu; hueleza kasi ya kupungua, basi. Ili kupata muda kati ya dozi, ni lazima kwanza uamue ukolezi uanzie wapi na uishie wapi. Tuseme tunataka kilele cha miligramu 20 kwa lita, na kabla ya dozi inayofuata tunataka ukolezi usizidi 1. Hesabu kwa vidole: 20, 10, 5, 2.5, 1.25, 0.625. Tunavuka 1 kati ya nusu-maisha ya nne na ya tano, na fomula inatupa mahali penyewe, ambapo τ ni muda kati ya dozi, t½ ni nusu-maisha, Cmax ni kilele na Cmin ni ukolezi wa kabla ya dozi inayofuata:

```
τ = t½ × log2(Cmax/Cmin)
τ = 2.5 × 4.32 = 10.8
```

Mwanafunzi makini ataniuliza kwa nini basi tunatoa kila baada ya saa 24. Ni kwa sababu saa 10.8 ni muda wa chini kabisa wa kusubiri, wala si amri ya kuchoma sindano saa hiyo. Gentamisini huua bakteria zaidi kilele kikiwa juu, huendelea kuwazuia kukua kwa muda hata ukolezi ukishashuka, na saa za ukolezi mdogo huzipunguzia figo mzigo. Amoksilini, yenye nusu-maisha ya takriban saa moja, hutolewa kila baada ya saa 8 kwa hoja tofauti: dozi yake yaweza kuwa kubwa bila madhara makubwa, hivyo ukolezi hukaa juu ya kiwango kinachohitajika kwa muda wa kutosha.

Sasa mgonjwa ambaye figo zake zimechoka. Vipimo viwili vya damu, vilivyopishana kwa saa 16, vinaonyesha 12 kisha 3. Ukolezi umepungua nusu mara mbili, kwa hiyo nusu-maisha yake ni saa 8. Akianzia 20, baada ya saa 24 atakuwa bado na 2.5. Fomula inadai saa 34.6, tunampa kila baada ya saa 36, huku dozi yenyewe ikibaki ileile, kwa kuwa kilele bado tunakihitaji.

Nakiri kwamba hesabu hii iliyonyooka ni ya karatasini. Sehemu ya gentamisini hujificha ndani ya tishu za figo na kutoka polepole kwa siku kadhaa, na figo za mgonjwa mahututi zaweza kubadilika kabla majibu ya maabara hayajarudi. Kwa hiyo, saa 36 zikitimia, huwa napima tena kabla ya sindano.