Namba ya bidhaa si mistari, na 620 si cheti cha uzawa

Wauzaji wanaoambiwa na Amazon waingize GTIN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha bidhaa, mara nyingi hujibu kwamba barkodi wanayo, imeshachapwa kwenye boksi. Barkodi ni ile mistari myeusi tu, njia ya kuiwezesha mashine kusoma namba. Kinachotakiwa ni namba yenyewe, ambayo kwa bidhaa nyingi za dukani ina tarakimu 13. Namba hiyo haibebi bei wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Inatambulisha aina ya bidhaa, ndiyo maana sabuni ya gramu 100 na ya gramu 200 za chapa ileile huwa na namba mbili tofauti.

Linalopotoshwa zaidi ni tarakimu za mwanzo. Namba hizi hutolewa na GS1, shirika la kimataifa lenye ofisi katika nchi mbalimbali. Kiambishi 620 kimetengwa kwa GS1 Tanzania na 616 kwa GS1 Kenya, lakini kinaonyesha tu kampuni ilisajiliwa katika ofisi ipi ya GS1. Kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam inaweza kufungasha bidhaa yake Guangzhou na kuipa namba ya 620 bila kuvunja kanuni yoyote.

Tarakimu ya mwisho, ambayo ni ya kuhakiki, nayo huwapa watu imani isiyostahili. Tuchukue namba ya mazoezi 5901234123457. Ukiacha ile 7, jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu na kuendelea hivyo, upate 17. Zilizobaki zinatoa 22, ambayo ukizidisha kwa 3 ni 66. Jumla ni 83, na ili kufika 90, kumi kamili inayofuata, zinahitajika 7. Hesabu hiyo hunasa kosa la kuandika, basi. Haisemi namba ni ya nani.

Soko kubwa la mtandaoni linataka kujua hilo hasa. Wauzaji kumi wa kikaangio kilekile wanapaswa kukutana kwenye ukurasa mmoja wa bidhaa, na namba ndiyo inayowakutanisha. Amazon huilinganisha na kumbukumbu za GS1. Jina la chapa lisipooana na la mwenye kiambishi, tangazo linaweza kukataliwa. Hapo ndipo wanapokwama walionunua namba za bei chee kwa madalali: hesabu inakubali, lakini ukiiingiza namba hiyo kwenye Verified by GS1, huduma ya mtandaoni ya kuhakiki namba, linatokea jina la kampuni nyingine kabisa.

Kwa hiyo anayeuza tena bidhaa ya chapa ya mwingine hana haja ya kununua namba, kwa kuwa anatumia ileile aliyoichapa mwenye chapa kwenye kifungashio. Mwenye chapa yake huipata GS1, na ambaye bidhaa zake hazina namba, kwa mfano za kutengenezwa kwa mikono, anaweza kuiomba Amazon msamaha wa GTIN kabla ya kuorodhesha. Kuhusu 620, anayetaka kujua bidhaa imetengenezwa wapi asome maandishi ya kifungashio panapotajwa nchi ya utengenezaji.